Hasara Isiyokaa Stoo: Mabonge ya Plastiki na Hesabu za Desemba

Katika viwanda vya plastiki vya Chang'ombe, wilayani Temeke, umeme ukikatika ghafla usiku hakuna anayeuliza kwanza kuhusu taa. Fundi wa zamu anaiwahi mashine. Ndani ya bomba lake la chuma kuna plastiki iliyoyeyushwa kwa nyuzi joto zaidi ya 200, inasubiri kusukumwa kwenye kalibu itoke ikiwa ndoo. Hita zikizimika, plastiki hiyo inaanza kuganda ilipo. Umeme ukirudi, bomba linapashwa moto upya, na kilichokaa humo muda mrefu kinaungua na kubadilika rangi. Lazima kisukumwe nje chote, kianguke sakafuni kama mabonge mazito, kabla ya ndoo nyingine kutengenezwa. Hata ndoo za mwanzo baada ya hapo haziuziki: nyingine zimetoka nusu, nyingine zimepinda mdomo, nyingine zina madoa meusi.

Mhadhara huu unahusu mabonge hayo. Yaani gharama yake inaandikwa wapi.

Jibu la haraka la wahasibu wengi ni kwamba gharama yote ya uzalishaji inagawanywa kwa ndoo nzima zilizopatikana. Kiwanda kimelipia malighafi, kimelipa vibarua, kimelipa umeme, na kilichobaki mkononi ni ndoo, basi ndoo zibebe. Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 2, kinachohusu bidhaa zilizo stoo, kinakataa. Aya yake ya 16 inaorodhesha gharama zisizoruhusiwa kuingia katika thamani ya bidhaa, na ya kwanza kabisa ni malighafi, kazi au gharama nyingine za uzalishaji zilizopotea kwa kiasi kisicho cha kawaida. Hizo zinapelekwa moja kwa moja kwenye taarifa ya faida na hasara, katika kipindi kilekile zilipotokea. Kanuni hii inazihusu kampuni za Tanzania kwa nguvu ya sheria ya taaluma: Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, ilianza kutumia viwango vya kimataifa tangu Julai 2004. Kiwango cha kampuni ndogo na za kati nacho kinasema vilevile, kwa hiyo mwenye kiwanda kidogo cha Mbagala hana mlango wa pembeni.

Lakini kila uzalishaji una upotevu wake. Kiwanda cha plastiki kisichopoteza hata gramu moja hakipo. Kuna masalia yanayokatwa ukingoni, kuna plastiki inayotolewa wakati wa kubadili rangi, kuna ndoo mbovu chache kila zamu. Upotevu wa aina hiyo ni sehemu ya kutengeneza ndoo, na gharama yake inabebwa na ndoo nzuri bila ubishi. Kazi ya mhasibu ni kujua ulipoishia huo na ulipoanzia mwingine.

Mfano wa kubuni, wenye namba za kurahisisha hesabu, utaonyesha njia. Kiwanda kinaingiza kilo 10,000 za malighafi katika mkupuo mmoja, kwa shilingi 3,000 kila kilo. Hiyo ni milioni 30. Kazi, umeme na gharama za mashine ni shilingi 8,300,000, na jumla inakuwa 38,300,000. Rekodi za miaka zinaonyesha kwamba asilimia 5 ya malighafi hupotea hata siku zikiwa nzuri, na skrapu hiyo huuzwa shilingi 600 kwa kilo. Kila ndoo ina uzito wa kilo moja.

Ndoo zinazotarajiwa ni 9,500. Kilo 500 za upotevu wa kawaida zitaleta shilingi 300,000 za skrapu, zinazotolewa kwenye gharama. Inabaki milioni 38 kamili, ambayo ikigawanywa kwa ndoo 9,500 inatoa shilingi 4,000 kwa ndoo. Bei hiyo tayari imebeba upotevu wa kawaida.

Sasa umeme ukatike usiku mmoja, urudi ukicheza, ukatike tena. Mwisho wa mkupuo ndoo nzima ni 8,900. Zimepungua 600 zaidi ya ilivyotarajiwa. Wanafunzi wengi huteleza hapa. Kilo hizo 600 hazithaminiwi kwa bei ya malighafi, shilingi 3,000, wala kwa bei ya skrapu. Zinathaminiwa kwa 4,000, kama ndoo nzima, kwa kuwa bila hitilafu zingekuwa ndoo nzima, na zimekula sehemu yake ya kazi, ya umeme na ya upotevu wa kawaida. Kwa hiyo akaunti ya hasara isiyo ya kawaida inadebitiwa shilingi 2,400,000 na akaunti ya uzalishaji inakreditiwa kiasi hichohicho. Mabonge yakiuzwa yanaleta 360,000, na hizo zinapunguza hasara. Kinachofika kwenye faida ni 2,040,000. Ndoo 8,900 zinaingia stoo kwa 4,000 kila moja, kana kwamba usiku ule haukuwapo.

Na mhasibu wa njia ya mkato je? Yeye anatoa skrapu yote, shilingi 660,000, kwenye 38,300,000, kisha anagawanya kwa ndoo 8,900. Ndoo moja inamfikia shilingi 4,229 hivi. Tofauti ya 229 haimshtui mtu. Lakini ikiwa mkupuo huu ulitoka Desemba na ndoo 6,000 bado ziko stoo mwaka unapofungwa, shilingi 1,375,000 hivi za hasara ya Desemba zimelala stoo zikiitwa mali. Zitaingia kwenye hesabu ndoo zitakapouzwa, Januari au Februari. Mwaka uliopita unaonekana mzuri kuliko ulivyokuwa, na mwaka mpya unalipa deni lisilo lake.

Wapo wanaojibu kwamba kosa hilo lina kinga, kwa kuwa bidhaa haziruhusiwi kuonyeshwa kwa thamani inayozidi kiasi zinachoweza kuleta zikiuzwa. Kinga hiyo hapa imelala usingizi. Ndoo inayouzwa kwa jumla shilingi 5,500 bado inafunika 4,229 bila shida, kipimo kinapita, na hasara inabaki imejificha palepale. Kipimo cha bei ya kuuzia hukamata bidhaa zisizolipa. Hakikamati gharama iliyovishwa bidhaa isiyostahili.

Ugumu wenyewe uko kwenye neno "kawaida", na kwa mtu wa Dar es Salaam ugumu huo ni mkubwa. Mwaka 2011 ukame ulishusha maji katika mabwawa ya umeme, Mtera likiwamo, na mgao ukawa sehemu ya maisha. Kiwanda cha Temeke cha mwaka huo kingeweza kudai kwamba kukatika umeme ndiyo kawaida, kwa hiyo mabonge yote ni upotevu wa kawaida. Hoja ina mantiki, ila inakwenda mbali mno. Mgao uliotangazwa kwa saa unajulikana mapema. Fundi anaweza kusimamisha mashine kwa utaratibu, akatoa plastiki ya ndani na kuwasha tena kwa mpango. Upotevu mdogo wa kuzima na kuwasha namna hiyo, ukijirudia mwezi baada ya mwezi, unaweza kweli kuhesabiwa kuwa wa kawaida kwa kipindi kile. Mkupuo ulioungua kwa sababu umeme ulikatika nje ya ratiba, au kwa sababu zamu ya usiku haikuisoma ratiba, hauwezi.

Tena kawaida yenyewe huhama. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliwashwa Februari 2024, katika mradi wa megawati 2,115, na makali ya mgao yakapungua. Kiwanda kilichoendelea kutumia asilimia ya upotevu iliyopangwa enzi za mgao kilikuwa kinabeba ndani ya bei ya ndoo hasara ambayo mazingira hayaielezi tena. Kwa upande mwingine, Aprili 1, 2024 gridi ya taifa ilipata hitilafu na umeme ukapotea sehemu kubwa ya nchi. Tukio la namna hiyo haliingii kwenye wastani wa mtu yeyote makini. Kilichoungua siku hiyo ni hasara ya siku hiyo.

Kiwango hakitaji asilimia. Kinaiacha kazi kwa anayeujua uzalishaji, na ndiyo maana mkaguzi mzuri haanzii ofisini. Anaanzia kwenye mzani. Plastiki haina pa kuyeyukia kama mvuke: kilo 10,000 zikiingia na ndoo 8,900 zikitoka, kilo 1,100 lazima zionekane, ama kwenye risiti za skrapu, ama kwenye mashine ya kusaga masalia, ama kwenye rundo nyuma ya stoo. Mabonge yakionekana ya kilo 700 tu, kilo 400 hazikuungua. Zilitoka getini. Huo ni wizi, nao pia ni gharama ya kipindi, lakini unahitaji mazungumzo ya aina nyingine kabisa.

Dalili ya pili iko kwenye daftari la viwango vya gharama. Ikiwa asilimia ya upotevu wa kawaida ilikuwa 5 kwa miaka mitatu, kisha Desemba ikaandikwa 11, mkaguzi anapaswa kuomba daftari la mashine la mwezi huo. Mara nyingi atakuta usiku mmoja umezungushiwa kalamu.

Hasara ya vitu vinavyoshikika ina ndugu yake asiyeonekana: mashine iliyosimama. Kalibu haijamwagikiwa chochote, hakuna bonge, lakini kodi ya jengo, mshahara wa msimamizi na uchakavu wa mashine vimeendelea. Aya ya 13 inataka gharama hizi zisizobadilika zigawanywe kwa uwezo wa kawaida wa uzalishaji, yaani wastani unaotarajiwa kwa misimu kadhaa baada ya kuondoa siku za matengenezo yaliyopangwa. Kiwanda chenye gharama hizo za milioni 20 kwa mwezi na uwezo wa kawaida wa ndoo 40,000 kinaiwekea kila ndoo shilingi 500. Mwezi ukitoa ndoo 30,000, stoo inapokea milioni 15. Milioni 5 zinazobaki hazigawanywi upya kwa ndoo chache zilizopatikana, zinakwenda kwenye faida na hasara.

Katika Kinondoni, kwenye saruji ya Wazo, inayozalishwa tangu 1966, kanuni ya hasara isiyo ya kawaida inagusa mitambo mikubwa zaidi. Tanuri la saruji huchoma mawe kwa nyuzi joto 1,450 hivi. Umeme ukikatika, tanuri lolote la aina hiyo lazima liendelee kuzungushwa polepole kwa injini ya akiba, la sivyo mwili wake wa chuma unapinda kwa joto lililolala upande mmoja. Dizeli ya injini hiyo, matofali ya ndani yaliyopasuka kwa kupoa ghafla, na mafuta ya kulipasha tanuri upya haviongezi hata mfuko mmoja wa saruji. Tanuri likizimwa kwa matengenezo ya kila mwaka, gharama ya kulipasha ni ya kawaida na saruji inaibeba. Likizimika kwa hitilafu, kazi ni ileile, dizeli ni ileile, lakini safari hii gharama haifiki stoo.