Anodi ni Ipi? Shaba Mbele ya Zinki na Mbele ya Fedha

Mwaka 1836 John Frederic Daniell, profesa wa kemia wa King's College mjini London, aliunda seli ya umeme kwa zinki na shaba. Seli hiyo imeingia katika vitabu vya shule na kukaa humo hadi leo, na wanafunzi wengi wamejifunza kwayo kwamba zinki ndiyo anodi na shaba ndiyo kathodi. Hilo ni kweli kwa seli ya Daniell. Tatizo huanza pale mwanafunzi anapodhani kwamba shaba ni kathodi popote inapowekwa. Mtahini huiondoa zinki na kuweka fedha mahali pake, na majibu mengi huharibika papo hapo.

Seli yenyewe ni hii. Kipande cha shaba kimesimama katika mmumunyo wa nitrati ya shaba, na kipande cha fedha katika mmumunyo wa nitrati ya fedha, kila mmoja ukiwa na ayoni za metali yake kwa kiwango cha 1 mol/L, joto likiwa nyuzi 25 za Selsiasi. Jedwali la potenshali sanifu linaipa shaba +0.34 V na fedha +0.80 V. Namba hizi hupimwa kwa kulinganishwa na elektrodi ya haidrojeni iliyopewa sifuri, kama vile kimo cha mlima kinavyohesabiwa kuanzia usawa wa bahari. Kwa hiyo alama ya kujumlisha iliyo mbele ya shaba haisemi kwamba shaba ni kathodi. Inasema tu kwamba ayoni zake huvuta elektroni kwa nguvu kuliko zile za haidrojeni.

Fedha huvuta zaidi. Basi hapa shaba ndiyo inayoachia elektroni, na elektrodi inayoachia elektroni ndiyo anodi:

Cu → Cu²⁺ + 2e⁻
2Ag⁺ + 2e⁻ → 2Ag

Elektroni husafiri ndani ya waya kutoka shaba hadi fedha. Hazipiti kamwe katika daraja la chumvi, ingawa michoro mingi ya wanafunzi huzipitisha huko. Darajani hupita ayoni: za nitrati huelekea upande wa shaba, ambako ayoni chanya zinaongezeka, na za potasiamu huelekea upande wa fedha, ambako zinapungua. Daraja hilo lijazwe nitrati ya potasiamu. Ukitumia kloridi ya potasiamu, kloridi hukutana na ayoni za fedha, mashapo meupe hutokea, na kipimo cha volti huanza kuteleza.

Volti ya seli ni potenshali ya kathodi kutoa ile ya anodi: 0.80 − 0.34 = 0.46 V. Wengi hukosea hapa kwa kuizidisha 0.80 mara mbili, kwa kuwa mlinganyo una fedha mbili, wakapata 1.26 V. Lakini volti ni nishati kwa kila kizio cha chaji. Fedha zikiwa mbili, nishati huongezeka maradufu, na chaji vilevile, hivyo uwiano haubadiliki.

Maabara huthibitisha haya bila ubishi. Waya mweusi wa voltimita ukishikwa kwenye shaba na mwekundu kwenye fedha, kipimo husoma chanya. Ukibadilisha, husoma hasi. Mizani nayo hushuhudia: shaba ikipungua gramu 0.635, fedha huongezeka gramu 2.16 hivi. Ila 0.46 V ni ya hali sanifu tu. Ayoni za fedha zikipunguzwa hadi 0.001 mol/L, volti hushuka hadi karibu 0.28.

Kanuni ya "anodi ni hasi" nayo ina mpaka wake. Ukiunganisha chanzo cha umeme cha nje chenye volti zaidi ya 0.46 kikisukuma kinyume, fedha huanza kuyeyuka na kuwa anodi, ilhali shaba inabaki upande hasi. Ndiyo maana swali la kwanza liwe ni wapi elektroni zinaachiwa. Alama ya nguzo ifuate baadaye.

Viwanda vya kusafisha shaba, kama vile cha Mufulira nchini Zambia, huishi kwa jedwali hilihili. Bamba la shaba chafu hufanywa anodi na kufungwa kwenye nguzo chanya, na volti huwekwa ndogo. Shaba huyeyuka na kujikusanya safi kwenye kathodi. Chuma na nikeli, zenye potenshali ya chini, huyeyuka pia lakini hubaki katika mmumunyo. Fedha na dhahabu, zilizo juu ya shaba, haziyeyuki. Huanguka chini ya tangi kama tope, na tope hilo hukusanywa ili madini hayo yatolewe.