Picha ya lundo haina mizani

Msikilizaji, siku hizi mahindi yanauzwa kwa picha ya simu: lundo kwenye turubai, na swali, "Hapo kuna magunia mangapi?" Jibu linaweza kukadiriwa. Mahindi makavu yaliyopukuchuliwa yakimwagwa hujipanga kama pia, na ubavu wake huinama takriban nyuzi 23. Kwa hiyo ukijua upana wa lundo, kimo unakipata.

Tuseme lundo lina upana wa mita 4. Kimo chake kitakaribia sentimita 85. Zidisha eneo la kitako kwa kimo, gawanya kwa tatu: mita za ujazo tatu na nusu hivi. Mita moja ya ujazo ya mahindi makavu ina kama kilo 720, basi hapo pana kilo 2,500, yaani magunia 25 ya kilo mia.

Tatizo ni huo upana, ambao pichani unausoma kwa kulinganisha lundo na debe. Ukikosea kwa sentimita 40 tu, ukasoma mita 4.4, kimo nacho kinapanda na hesabu inaruka hadi magunia 34. Na muuzaji mjanja (wapo!) huweka debe la kupimia nyuma ya lundo. Kwa kuwa liko mbali na kamera, debe linaonekana dogo na lundo linavimba. Dai debe liwe ubavuni, usawa na kilele. Na ukiona mteremko mkali kuliko kawaida, shuku unyevu, au kitu kingine kilichofunikwa chini ya mahindi.