Tangazo lisimalize maneno yote mwanzoni



Mamá wa bulanjeri yetu hapa Uvira wanaanza mukate mupya Siku ya Posho. Unga wamenunua kwa mukopo wa mufuko wetu. Mikate ikilala, deni inabaki. Tulisoma nao tangazo lao. Lilianza hivi:

“Tunauza mukate wa viazi vitamu, wa rangi ya chungwa, laini, franka 500.”

Ni kweli yote, lakini musomaji amekwisha kujibiwa. Hana swali la kumuleta.

Tukauliza: ni neno gani moja watu watataka kujua? Ni viazi. Basi tukaficha hilo tu, tukaandika:

“Mukate huu ukiukata, ndani ni rangi ya chungwa, na hatukutia rangi. Kesho yake ungali laini. Tumechanganya nini na unga? Njoo uonje Siku ya Posho, saa moja asubuhi, bulanjeri yetu. Franka 500.”

Siku, pahali na bei hatukuficha, maana bila hizo mutu hawezi kujipanga kuja.

Mbele ya kutuma, musomee jirani. Akiuliza “Mumetia nini ndani?”, limefaa. Akiuliza “Munauza nini?”, mumeficha kupita kiasi.

Lakini mwenye kuuliza kwa sababu chakula fulani kinamuzuru, mumuambie palepale. Na siku yenyewe, viazi viwe mezani pembeni ya mikate, jibu lionekane.