Neno la Siri la Waifai Limefutika? Liulize Kompyuta

Leo chukueni kalamu na karatasi, maana kuna maneno ya kuandika herufi kwa herufi.

Tuchukue mfano. Kuna chumba huko Buyenzi ambamo vijana wanajifunza kompyuta. Waifai yao inaitwa Darasa. Chini ya ruta, kile kisanduku cha waifai, palikuwa na karatasi yenye neno la siri, lakini imesuguliwa hadi imefutika. Kompyuta moja ya mkononi bado inashika mtandao. Anakuja mama mmoja na simu yake, anataka kuongea na watoto wake walioko Uvira, na mwenye chumba amekubali. Tatizo ni kwamba neno hakuna anayelikumbuka.

Wengi hapo hukimbilia kile kitundu kidogo nyuma ya ruta na kukichoma kwa sindano. Tafadhali, msifanye hivyo! Kitundu kile huirudisha ruta kama ilivyotoka kiwandani, na mipango aliyoiweka fundi wa kampuni ya intaneti inaweza kufutika yote. Hapo hata ile kompyuta iliyokuwa inashika itakatika, na chumba kizima kitakaa kikimngoja fundi.

Neno mnalolitafuta halijapotea. Kompyuta inayoingia yenyewe kwenye mtandao imelitunza ndani yake. Kazi yetu ni kuiambia itusomee.

Kama kompyuta ni ya Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Kitafunguka kidirisha cheusi. Humo andika mstari huu:

```
netsh wlan show profile name="Darasa" key=clear
```

Mahali pa Darasa weka jina la waifai yenu, kama linavyoonekana kwenye kompyuta, ndani ya alama za kunukuu. Kama hamna uhakika na jina, andikeni kwanza netsh wlan show profiles, nayo itawaorodheshea mitandao yote inayoikumbuka. Kati ya key, alama ya sawasawa na clear msiache nafasi.

Yatatokea maandishi mengi, msiyaogope. Tafuteni mstari mmoja tu. Kompyuta ya Kifaransa, kama nyingi za hapa Burundi, inaandika Contenu de la clé. Ya Kiingereza inaandika Key Content. Kinachofuata baada ya nukta mbili ndilo neno la siri. Mstari huo usipoonekana, funga kidirisha, tafuta cmd tena, ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi, na uchague kuifungua kama msimamizi: Exécuter en tant qu'administrateur, au Run as administrator.

Mnapoandika, angalieni herufi kubwa na ndogo. Sifuri inafanana na O, na moja inafanana na l ndogo. Hapo ndipo wengi wanakosea, halafu wanasema neno ni bovu.

Je, kama kinachoshika mtandao ni simu tu? Kwenye Android kuanzia namba 10, fungua mipangilio ya waifai, gusa jina la mtandao, kisha gusa Partager au Share. Simu itadai alama ya kidole au namba ya kuifungulia, kwa hiyo mwenye simu awepo. Kitatokea kimraba chenye madoa meusi na meupe. Mama yule akielekeza kamera ya simu yake hapo, ataunganishwa bila kuandika kitu. Simu nyingine huandika na neno lenyewe chini ya kimraba. Kwenye iPhone yenye iOS 16 au zaidi, gusa alama ya i kando ya jina la mtandao, kisha gusa Mot de passe au Password.

Kando ya Partager kuna kitufe cha Oublier, yaani Forget. Mkikigusa hicho, simu inalifuta neno mnalolitafuta. Kaeni mbali nacho.

Njia hii ina mipaka yake. Kifaa kilichoingia zamani kinatunza neno la zamani. Kama lilibadilishwa baadaye, halitafungua kitu. Ndiyo maana tunauliza kifaa kinachoshika sasa hivi. Na kwenye ofisi ambako kila mtu anaingia kwa jina lake na neno lake, hamtapata neno la wote, maana halipo.

Mkishalipata, mwandikieni mwenye waifai kwenye daftari lake. Kimraba kile msikitume kwenye vikundi vya WhatsApp, kwa kuwa kila atakayekipata anaweza kuingia.

Mstari wa kompyuta nitausoma tena polepole, herufi kwa herufi. Kalamu ziko tayari?