Kiwanja chenye Kisima: Mambo ya Kuthibitisha kabla ya Kununua



Mtu apitaye Kariakoo, au mitaa ya Posta iliyo jirani na bahari, huona matangi marefu juu ya mapaa. Mengi ya matangi hayo hujazwa kwa visima vilivyochimbwa uani, kwa kuwa maji ya bomba kutoka Mto Ruvu hupungua wakati wa ukame, kama ilivyotokea mwaka 1997 na tena mwaka 2022, mji ulipopewa maji kwa zamu. Kwa sababu hiyo kiwanja chenye kisima huuzwa kwa bei kubwa zaidi. Swali la mnunuzi ni hili: fedha hiyo ya ziada inanunua nini hasa?

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaeleza kwamba haki ya kumiliki ardhi haimpi mwenyewe haki ya maji. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeyaweka maji yote, yaliyo juu na yaliyo chini ya ardhi, kuwa mali ya umma. Basi hati miliki huhamisha kiwanja, jengo, bomba na pampu. Ruhusa ya kuvuta maji hutoka kwenye kibali cha kutumia maji, ambacho kwa Dar es Salaam hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Uchukuliwe mfano wa chama cha akiba na mikopo cha wafanya biashara kinachotaka kununua jengo la Kariakoo lenye maduka chini na vyumba vya wageni juu. Jengo lahitaji lita 24,000 kwa siku. Muuzaji asema kisima hutoa lita 5,000 kwa saa, na kwamba majirani nao huchota humo.

Kwanza, katibu aombe kibali chenyewe, si maneno. Asome jina lililoandikwa, kiasi cha maji kilichoruhusiwa, matumizi yaliyotajwa na tarehe. Kama kibali chasema lita 10,000 kwa siku kwa matumizi ya nyumbani, hakitoshi kwa nyumba ya wageni, hata kisima kikiwa na maji tele. Kisha aiandikie Bodi, akiuliza kama kibali bado ni hai, kama ada zimelipwa, na ni utaratibu gani utakaoliweka jina la chama mahali pa jina la muuzaji. Majibu ya maandishi yapatikane kabla ya malipo ya mwisho.

Pili, majirani. Bomba linalovuka ukuta kwenda ua wa pili ni dalili ya makubaliano, hata kama muuzaji hakuyataja. Katibu afuatilie kila bomba litokalo kwenye tangi na kuwauliza wanaolitumia: walichangia uchimbaji? Walilipa kwa mwezi, au waliahidiwa maji daima? Vilevile atazame kama kisima kimo kweli ndani ya mipaka ya kiwanja, kwa kulinganisha mawe ya mipaka na ramani ya upimaji. Katika viwanja vidogo vya Kariakoo, hatua mbili zaweza kukiweka kisima kwa jirani. Haki ya kupitisha bomba au kuchota iandikwe na kusajiliwa. Ahadi ya mdomo huzaa kesi mwenye kuitoa akishaondoka.

Tatu, maji yenyewe. Pampu iwashwe asubuhi na kuachwa ikifanya kazi mchana kutwa, na tangi la lita 1,000 lijazwe kwa kupimwa kwa saa. Mwanzoni likijaa kwa dakika 12, ni lita 5,000 kwa saa, kama alivyosema muuzaji. Jioni likijaa kwa dakika 20, ni lita 3,000 tu. Lita 24,000 zitahitaji saa nane za pampu badala ya karibu saa tano, na gharama ya umeme ibadilike vivyo hivyo.

Wakati huo huo zichukuliwe chupa mbili za maji, moja asubuhi na moja jioni, zipelekwe maabara. Karibu na pwani maji baridi hukaa juu ya maji ya chumvi, na pampu ikivuta sana chumvi hupanda. Chumvi ikiwa imeongezeka jioni, kisima hicho hakitavumilia matumizi makubwa. Maabara ipime pia vijidudu vya kinyesi na naitreti, kwa kuwa vyoo vya shimo na makaro ya mji huvuja ardhini. Naitreti ikizidi miligramu 50 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, maji hayafai kunywewa, wala kuyachemsha hakuiondoi.

Chama cha mfano huu kitakuwa na njia mbili: kulipa bei ya jengo lisilo na kisima, au kuandika katika mkataba kwamba sehemu ya fedha itabaki kwa wakili hadi kibali cha kiasi kinachohitajika kipatikane kwa jina la chama.