Kuisoma Barua ya Nafasi ya Chuo Yenye Masharti

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kikwe)



Nimeombwa nizungumze juu ya barua za vyuo. Kazi yangu serikalini ni ya utumishi, upande wa mafunzo, na kwa miaka mingi barua hizi zimepita mezani kwangu. Sitazungumza juu ya barua zote. Nitachukua ya aina moja tu, nayo ni ile inayotoka chuo cha Uingereza ikisema kwamba umepewa nafasi, kisha inafuata "lakini" ndefu. Naichagua hiyo kwa sababu ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote. Baba huiona nembo ya chuo, huliona jina la mwanawe, na kabla ya jioni ukoo mzima wa upande wa mlimani umekwisha kupata habari kwamba kijana anakwenda Ulaya. Kumbe barua haijasema hivyo bado.

Tuchukue barua ya mfano. Nimeitunga mwenyewe, lakini masharti yake ni ya kawaida. Kijana amesoma tahasusi ya Fizikia, Kemia na Biolojia. Ameomba shahada ya sayansi ya tiba ya maabara, masomo yaanze tarehe 21 Septemba. Chuo kinamwambia apate B, C, C katika mtihani wa Kidato cha Sita, na ile B iwe ya Kemia. Apate 6.5 kwa jumla katika mtihani wa Kiingereza wa IELTS, na isipungue 6.0 katika sehemu yo yote. Ushahidi wa yote hayo uwe umepokelewa kabla ya kwisha tarehe 31 Agosti.

Matokeo yakatoka mwezi wa Julai. Kijana amepata A ya Biolojia, C ya Kemia na C ya Fizikia. Sasa sisi Watanzania tumezoea kuhesabu pointi. A ni 1, C ni 3, na C nyingine ni 3, jumla 7. Daraja la Kwanza. Chuo kilitaka B, C, C, yaani 2 na 3 na 3, jumla 8. Kwa hesabu yetu, ambamo pointi chache ndizo bora, kijana amekipita kiwango walichomwekea. Nyumbani wamechinja mbuzi.

Lakini hajatimiza sharti. Barua haikuuliza Daraja, wala haikuuliza jumla ya pointi. Ilitaka herufi tatu, na moja kati yake ilitajwa kwa jina la somo. A ya Biolojia haiwezi kulipa deni la Kemia. Ndiyo sababu nawaambia, mkiisoma barua ya namna hii wekeni mawazo ya Daraja pembeni kabisa, mwandike kila somo na herufi yake, moja moja. Aidha mhesabu masomo matatu ya tahasusi tu. Yale ya nyongeza kwa kawaida vyuo hivyo havihesabu.

Je, kijana huyu amekosa? Si lazima. Chuo kina hiari ya kumpokea aliyepungukiwa kidogo, hasa kama nafasi zimebaki na masomo mengine ameyafanya vizuri. Hiari hiyo ni yao. Anachoweza kufanya yeye ni kuiandikia ofisi ya udahili siku ile ile matokeo yanapotoka, akitaja namba yake ya maombi, herufi alizopata, na swali moja: je, mtanipokea kwa Kemia ya C, katika masomo haya au mengine yanayokaribiana nayo? Mistari minne inatosha. Wengi huficha matokeo wakitumaini kwamba chuo hakitaona. Chuo kitaona, na wakati huo nafasi zitakuwa zimekwisha.

Sharti la Kiingereza lina mtego wa jinsi hiyo hiyo, na huu huwanasa hata watu wazima wenye shahada. Kijana wetu amefanya IELTS. Kusikiliza 7.5, kusoma 7.0, kuzungumza 7.0, kuandika 5.5. Jumla ni 27. Ukigawa kwa nne unapata 6.75, nao huipandisha hadi 7.0. Cheti chake kwa maandishi makubwa kinasema 7.0, na barua ilidai 6.5. Tena nyumbani ni shangwe. Lakini sharti lilikuwa na vipande viwili vilivyounganishwa na neno "na". Kipande cha pili kilidai 6.0 kila sehemu, na kuandika amepata 5.5. Hajatimiza. Itambidi aurudie mtihani. Siku hizi wenye mtihani wameruhusu, kwa wanaoufanya kwa kompyuta katika baadhi ya vituo, kurudia sehemu moja tu. Lakini si kila chuo kinaikubali njia hiyo, hivyo aulize chuo kwanza kabla ya kulipa. Vile vile aangalie kwamba amefanya mtihani wa kitaaluma, si ule wa jumla, na kwamba cheti hakijapita miaka miwili.

Kwa wenzangu mlio makazini mnaofikiria shahada ya pili, niseme neno hapa kisha nirudi kwa vijana. Kwenu sharti huwa ni "daraja la pili la juu". Kwa vyuo vyetu hiyo ni GPA ya 3.5 kwenda juu. Mwenye 3.4 yuko daraja la pili la chini, na hakuna wa kumpandisha. Wanaomaliza mwaka huu huu wana taabu nyingine: barua hudai cheti cha shahada kifike Agosti, na vyuo vyetu vingi hutoa vyeti wakati wa mahafali, Novemba au Desemba. Ulizeni mapema, mwezi wa Machi au Aprili, kama nakala rasmi ya matokeo pamoja na barua ya chuo kwamba umemaliza na matokeo yamethibitishwa itakubaliwa badala ya cheti. Mara nyingi hukubaliwa, ila lazima uwe na jibu hilo kwa maandishi.

Sasa nije kwenye tarehe, maana hapo ndipo nilipotaka kufika.

Tarehe ya kwanza katika barua ni ya kujibu. Aliyeomba shahada ya kwanza kupitia UCAS, ile ofisi ya pamoja ya maombi ya vyuo vya Uingereza, anaweza kushika nafasi mbili: chaguo la kwanza na chaguo la akiba. Busara ni kwamba akiba iwe na masharti mepesi zaidi. Nimekutana na kijana aliyeweka akiba inayodai alama za juu kuliko chaguo la kwanza, na hiyo si akiba. Asiyejibu hadi tarehe ipite, nafasi zake huhesabiwa kwamba amezikataa. Kule kunyamaza si "nitafikiri". Kunyamaza ni "hapana". Na kujibu "ndiyo" hakuondoi sharti hata moja.

Tarehe ya pili ni ile ya masharti, 31 Agosti. Hiyo ni siku ambayo ushahidi uwe umekwisha kupokelewa. Si siku ya kufanya mtihani, wala si siku ya kuanza kufuatilia karatasi. Lakini hata ukiielewa hivyo, tarehe hiyo bado itakudanganya. Kwa kijana wa Uingereza ni sawa, maana yeye atapanda treni na kwenda chuoni. Wewe wa Kikwe unahitaji viza, na barua yako haikuandika tarehe za viza. Lazima uzihesabu mwenyewe, kwa kurudi nyuma.

Tuhesabu pamoja. Masomo yanaanza 21 Septemba. Uamuzi wa viza kwa aombaye akiwa nje ya Uingereza kwa kawaida huchukua kama wiki tatu. Ongeza wiki moja ya safari na ya lo lote litakalotokea. Basi maombi yapelekwe kufikia tarehe 24 Agosti. Kabla ya kuomba lazima chuo kiwe kimekupa hati ya uthibitisho, ile waiitayo CAS, na hakitoi CAS mpaka masharti yote yametimia na, kwa vyuo vingi, malipo ya awali ya ada yamelipwa. Unahitaji pia cheti cha kupimwa kifua kikuu kutoka kliniki waliyoiidhinisha, kwa kuwa Tanzania imo katika orodha ya nchi zinazotakiwa kupimwa.

Kisha zipo fedha. Kiasi kinachotakiwa, yaani ada iliyobaki na matumizi ya hadi miezi tisa, lazima kiwe kimekaa benki siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja, na taarifa ya benki isiwe imepitwa na siku zaidi ya 31 wakati wa kuomba. Rudisha siku 28 kutoka 24 Agosti: utafika tarehe 27 Julai. Yaani fedha ziwe ndani tarehe 27 Julai, huenda wiki mbili tu baada ya matokeo, na zaidi ya mwezi mzima kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye barua. Mzazi anayesubiri kuuza ng'ombe Agosti, au ukoo unaochanga wiki ya mwisho, fedha zao zitakuwa za kweli lakini zitakuwa zimechelewa. Akaunti inaweza kuwa ya mzazi, ila kiambatishwe cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi ya kuridhia. Ambaye hana cheti cha kuzaliwa aanze RITA sasa. Kanuni hizi hubadilishwa mara kwa mara, hasa kiasi cha fedha, kwa hiyo kila mwaka zisomwe upya.

Mtaona basi kwamba kijana wetu mwenye 5.5 ya kuandika hana mpaka 31 Agosti. Akitaka CAS iwe mkononi wiki ya tatu ya Agosti, mtihani wa kurudia aufanye Julai. Afadhali zaidi angeufanya mara ya kwanza Januari au Februari, kabla ya Kidato cha Sita kumaliza, apate nafasi ya kurudia.

La mwisho ni JKT. Mtihani wenu huwa Mei, na miaka hii wahitimu wengi huitwa kambini muda mfupi baadaye, kwa hiyo matokeo na barua za chuo huja wakati kijana yuko kwenye gwaride na simu yake iko mbali. Kabla ya kuondoka, mwachie mtu mmoja mzima unayemwamini, awe mzazi au mwalimu, neno la siri la akaunti ya maombi na la barua pepe, pamoja na karatasi yenye masharti yote na zile tarehe ulizohesabu. Barua ya mfano niliyoitumia leo nimemkabidhi mwalimu wa taaluma, nakala kumi. Atakayependa aichukue, abadilishe herufi na tarehe ziwe zake, ahesabu upya.