Kutenganisha Kanzidata ya Miamala na Nakala ya Uchambuzi: Mafunzo kutoka MTUHA, Iringa na Mbeya

Waratibu wa MTUHA waliomo humu ndani wamekutana na jambo hili mara nyingi. Taarifa ya mwezi ya zahanati moja ya Kilolo inaingizwa kwenye DHIS2 asubuhi, inahifadhiwa vizuri, lakini kwenye dashibodi nafasi yake inabaki tupu mpaka kesho. Simu zinapigwa mkoani kuuliza kama mfumo umekwama. Haujakwama. Unafanya kazi kwa namna ambayo nataka tuielewe leo, kwa sababu ndiyo hiyo tunayopaswa kuijenga katika mifumo midogo ya hospitali zetu.

DHIS2, uliokwisha kuenea nchi nzima mwishoni mwa 2013, hupokea takwimu kwenye jedwali liitwalo `datavalue`. Humo kila tarakimu iliyoingizwa ina mstari wake: kipengele cha data, kipindi, kituo, thamani. Mpangilio huu unamfaa anayeingiza au kusahihisha tarakimu moja. Haumfai anayeuliza watoto wangapi walichanjwa surua mkoa mzima wa Iringa mwaka jana, maana jibu linadai kukusanya mistari ya kila kituo na kila mwezi, kisha kupanda ngazi kutoka kituo hadi halmashauri hadi mkoa. Kwa hiyo mfumo huunda majedwali mengine, kwa kawaida usiku, kama `analytics_2024`. Humo kila mstari tayari umebeba halmashauri yake, mkoa wake, robo yake na mwaka wake. Dashibodi husoma haya tu. Ndiyo maana tarakimu ya asubuhi husubiri.

Kazi mbili zimetenganishwa, ingawa kwa kawaida aina zote mbili za majedwali huishi ndani ya PostgreSQL moja, inayohifadhi data mstari kwa mstari. Hatua inayofuata ni kuhifadhi nakala ya uchambuzi kwa safuwima. Chukulia hospitali yenye jedwali la malipo la mistari milioni 6, kila mstari baiti 200. Hiyo ni takriban gigabaiti 1.2. Ripoti ya mapato kwa kitengo inahitaji tarehe, kitengo na kiasi tu, lakini data ikiwa imepangwa kwa mistari, diski itasoma pia jina la mgonjwa, namba ya stakabadhi na maelezo yote yaliyokaa kati yake. Ikipangwa kwa safuwima, tarehe zinakaa pamoja, baiti 4 kila moja. Kitengo kinafupishwa kuwa namba ya baiti 1, kwa kuwa vitengo havizidi 256. Kiasi kinachukua baiti 8. Jumla ni baiti 13 kwa mstari, yaani megabaiti 78, na hapo bado hatujabana zaidi. Kompyuta ya kawaida ya ofisini inaimudu kazi hiyo.

Lakini kasi ya ripoti siyo inayonisumbua zaidi. Ripoti ndefu inamuumiza keshia wa dirishani kwa njia isiyoonekana. PostgreSQL haiufuti mstari wa zamani pale unaposahihishwa. Huacha toleo la zamani na kuandika jipya, kisha baadaye husafisha matoleo yaliyokufa. Muda wote ripoti ya saa mbili inapoendelea, matoleo yaliyokufa baada ya ripoti hiyo kuanza hayawezi kusafishwa, kwa kuwa huenda ripoti bado inayahitaji. Jedwali linavimba, na stakabadhi iliyokuwa ikitoka mara moja inaanza kuchelewa. Angalieni safuwima ya `n_dead_tup` kwenye `pg_stat_user_tables`: ikipanda bila kushuka huku `pg_stat_activity` ikionyesha swali lililoanza zamani, mmeshampata mhusika. Seva ya pili inayofuata ya kwanza haiondoi tatizo hili moja kwa moja. Ama inaweza kuikatisha ripoti yako katikati, au, ukiwasha `hot_standby_feedback`, itairudishia seva kuu uvimbe uleule.

Njia ninayopendekeza ni nyepesi. Kila usiku, DuckDB isome kanzidata ya hospitali kwa akaunti isiyoruhusiwa kuandika, na itoe faili moja la Parquet kwa kila mwezi:

```sql
ATTACH 'host=10.0.0.5 dbname=hospitali user=msomaji'
  AS chanzo (TYPE postgres, READ_ONLY);
COPY (
  SELECT tarehe, kitengo_id, halmashauri_id, kiasi
  FROM chanzo.public.malipo
  WHERE tarehe >= DATE '2025-03-01'
    AND tarehe <  DATE '2025-04-01'
) TO 'malipo_2025_03.tmp' (FORMAT parquet);
```

Faili likikamilika ndipo jina la `.tmp` libadilishwe kuwa `.parquet`. Umeme ukikatika katikati, faili la jana bado lipo zima. Jina la mgonjwa halimo, na lisiwemo.

Mtauliza kwa nini tusome mwezi mzima wakati tungeweza kuchukua mistari iliyobadilika tangu jana tu. Wengi hufanya hivyo kwa safuwima ya muda wa mabadiliko, na hapo ndipo fedha zinapopotea kimyakimya. Mstari uliofutwa hauachi muda wowote, kwa hiyo nakala itaendelea kuuhesabu. Tena, katika PostgreSQL `now()` hutoa muda ambao muamala ulianza. Muamala ulioanza saa 7:58 usiku na kukamilika saa 8:03 unabeba 7:58. Kazi yetu ya saa 8:00 haikuuona, na ya kesho itaanzia saa 8:00. Hautachukuliwa kamwe. Kuandika upya miezi mitatu ya mwisho kila usiku kunaziba mianya yote miwili, na mwishoni tulinganishe idadi ya mistari na jumla ya kiasi kwa kila mwezi, chanzo na nakala. Zikitofautiana kwa miezi ya nyuma zaidi, mwezi husika usomwe upya.

Sasa nifike kwenye tatizo la huku kwetu hasa. Mwaka 2012 Njombe, Makete na Ludewa ziliondoka Iringa zikawa mkoa wa Njombe. Mwaka 2016 Mbozi, Momba na Ileje ziliondoka Mbeya zikaingia mkoa mpya wa Songwe. Kanzidata ya miamala inajua mkoa wa leo tu. Nakala ikijengwa upya kwa miaka yote, Mbeya ya 2014 itapungukiwa na wagonjwa wa Mbozi, na haitalingana na ripoti iliyochapwa wakati ule. Ikijengwa upya kwa miaka michache ya mwisho tu, jambo ambalo watu hufanya ili kuokoa muda, ni mbaya zaidi: miaka ya zamani inabaki na mipaka ya zamani, ya karibuni ina mipaka mipya, na grafu inaonyesha Mbeya imeporomoka mwaka ule ambao ujenzi upya ulianzia. Hakuna mgonjwa aliyepungua. Mstari wa mpaka ndio uliohama.

Dawa yake ni jedwali dogo la halmashauri lenye `mkoa`, `kuanzia` na `hadi`. Mbozi inapata mistari miwili: Mbeya hadi mwisho wa 2015, Songwe kuanzia 2016. Nakala ibebe safuwima mbili, `mkoa_wa_wakati_ule` na `mkoa_wa_sasa`, na kila ripoti iandike kichwani imetumia ipi. Anayelinganisha na nyaraka za zamani atumie ya kwanza; anayepanga dawa za mwaka ujao atumie ya pili. Kwa kuwa neno moja linajirudia mamilioni ya mara, safuwima hizi mbili zikibanwa hazichukui nafasi ya kutajika.

Kuna maswali yasiyohamia kwenye nakala. Kama mgonjwa aliyesimama dirishani ana deni, hilo liulizwe kanzidata ya miamala, kwa sababu nakala ni ya jana usiku. Kila ripoti inayotoka kwenye nakala ioneshe saa iliyojengwa, ili mratibu wa Kilolo ajue anasubiri nini kabla ya kupiga simu. Na hospitali ambayo jedwali lake kubwa bado lina mistari laki moja tu haihitaji haya yote. PostgreSQL yake itajibu kabla keshia hajageuza karatasi.